Riba ya Punguzo na Faida Halisi ya Dhamana za Hazina

Dhamana ya muda mfupi ya Hazina ya Marekani hailipi riba njiani. Mnunuzi hutoa fedha pungufu leo, na siku dhamana inapoiva hulipwa kiasi kamili kilichoandikwa juu yake. Tofauti kati ya fedha mbili hizo ndiyo faida yake yote. Kwa kuwa bei ni moja, malipo ni mamoja na tarehe zinajulikana, ingetarajiwa kwamba hata kiwango cha faida kitakuwa kimoja. Lakini tangazo la matokeo ya kila mnada hutoa viwango viwili kwa dhamana ileile. Cha kwanza huandikwa "High Rate", nacho ni riba ya punguzo. Cha pili huandikwa "Investment Rate", nacho ni kiwango cha faida kinacholinganishwa na cha hatifungani za muda mrefu. Cha pili huwa kikubwa kuliko cha kwanza. Hakuna kilichokosewa katika kimojawapo: kila kimoja kinapima faida ileile kwa kipimo chake, na kalenda zao pia ni tofauti.

Mfano wa dhamana ya wiki 13, yaani siku 91, unatosha kuonyesha jambo lote. Tuseme mnada umefungwa kwa riba ya punguzo ya asilimia 5.25. Kanuni ya Hazina ya kupata bei ya kila dola 100 ni hii:

```
P = 100 × (1 − r × d / 360)
```

Hapa P ni bei, r ni riba ya punguzo, na d ni idadi ya siku kutoka dhamana inapotolewa hadi inapoiva. Asilimia 5.25 ikizidishwa kwa siku 91 na kugawanywa kwa 360 hutoa asilimia 1.327083. Hilo ndilo punguzo la muda wote wa siku 91. Likitolewa katika 100, bei inabaki dola 98.672917, matangazo ya Hazina huandika bei hadi tarakimu sita baada ya nukta. Anayenunua dhamana ya dola 10,000 atalipa dola 9,867.29 na baada ya siku 91 atapokea 10,000. Amepata dola 132.71.

Asilimia 5.25 imefanya kazi yake hapo, nayo ni kutaja bei. Haijasema fedha ya mnunuzi imezaa kiasi gani. Ili kuona kwa nini, inafaa kutazama hesabu ilivyojengwa. Punguzo la dola 132.71 limepimwa dhidi ya dola 10,000, ambazo mnunuzi hakuwahi kuzitoa mfukoni. Kisha limepigwa kwa mwaka wa siku 360, ambao haupo kwenye kalenda yoyote ya ukutani. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kila moja linapunguza tarakimu kwa njia yake.

Sababu ya kushikilia hesabu ya namna hii ni ya kihistoria. Dhamana hizi ziliidhinishwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1929, na za kwanza zikauzwa kwa mnada Desemba mwaka huohuo. Mfano ulichukuliwa kwa Uingereza, iliyokuwa na dhamana zake za Hazina tangu 1877, zilizobuniwa zifanane na hawala za wafanyabiashara. Katika biashara ya hawala, benki ilikuwa ikikata riba yake mapema: ilitazama kiasi kilichoandikwa, ikakipiga kwa riba na siku, ikatoa jibu katika kiasi hicho na kumpa mteja kilichobaki. Kwa karani mwenye kalamu na daftari, hesabu hiyo ni kuzidisha na kutoa tu. Mwaka wa siku 360 ulizidi kumrahisishia kazi, kwa kuwa siku 90 ni robo yake kamili, siku 60 ni sehemu moja ya sita, na siku 30 ni sehemu moja ya kumi na mbili. Kumtaka karani huyo atafute faida kwa kila dola iliyotolewa kungemlazimu kugawanya kwa tarakimu kama 98.672917 kwa kila muamala. Mashine za kukokotoa zilipoenea, soko lilikuwa limekwisha kuzoea, mikataba na kumbukumbu zote zimeandikwa kwa riba ya punguzo, na desturi ikabaki.

Jambo la kwanza, la kupima faida dhidi ya fedha isiyotolewa, linajulikana kwa kila mfanyabiashara wa sokoni. Mtu akinunua gunia kwa shilingi 80,000 na kuliuza kwa 100,000, faida yake ni shilingi 20,000. Akiipima kwa bei ya kuuzia, ni asilimia 20. Akiipima kwa mtaji alioutoa, ni asilimia 25. Shilingi ni zilezile, ila mwenye kutaka kujua mtaji wake umezaa nini hutumia kipimo cha pili. Riba ya punguzo hutumia kipimo cha kwanza.

Jambo la pili ni kalenda. Siku zinazohesabiwa katika d ni siku halisi, moja baada ya nyingine, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mwaka unaowekwa chini ya mstari ndio wa kubuni, wa siku 360. Watu wa soko hili huiita desturi hiyo siku halisi juu ya 360. Matokeo yake ni kwamba riba inayotajwa kuwa ya mwaka inakamilika baada ya siku 360, na siku tano za mwisho wa mwaka wa kweli hazimo ndani yake. Anayeiona asilimia 5.25 na kudhani ni ya siku 365 ameipunguza faida yake bila kujua.

Kiwango cha pili, kile cha "Investment Rate", hurekebisha mambo yote mawili kwa pamoja. Kwa dhamana isiyozidi nusu mwaka, kanuni yake ni:

```
i = (100 − P) / P × y / d
```

Faida sasa inagawanywa kwa P, bei iliyolipwa kweli, na y ni siku za mwaka wa kweli, 365 au 366. Katika mfano wetu, 1.327083 ikigawanywa kwa 98.672917 hutoa asilimia 1.344932. Hiyo ndiyo faida ya siku 91 kwa kila dola iliyotolewa. Ikizidishwa kwa 365 na kugawanywa kwa 91, jibu ni asilimia 5.395.

Kutoka 5.25 hadi 5.395 ni safari ya hatua mbili, na inafaa zitenganishwe ili ijulikane kila moja imechangia nini. Kubadili kalenda peke yake, yaani kuzidisha 5.25 kwa 365 na kugawanya kwa 360, kunaipandisha hadi 5.323. Kisha kubadili kipimo, yaani kugawanya 5.323 kwa bei ya 0.98673, kunaifikisha 5.395. Katika mfano huu hatua mbili hizo zinakaribiana kwa ukubwa, lakini tabia zake si sawa. Hatua ya kalenda daima huongeza sehemu ileile, sehemu tano kwa kila 360, iwe riba ni kubwa au ndogo. Hatua ya bei hukua kadiri punguzo linavyokua, na punguzo hukua riba inapopanda au muda unaporefuka. Riba hiyohiyo ya asilimia 5.25 ikiwa ya dhamana ya wiki 26, bei inashuka hadi 97.345833 na kiwango linganifu kinafika asilimia 5.468.

Ndiyo maana pengo kati ya viwango viwili halina ukubwa wa kudumu, na wala haliwezi kukaririwa. Mwezi Mei 1981, wakati Marekani ikipambana na mfumuko wa bei, riba ya punguzo ya dhamana za miezi mitatu sokoni ilikuwa kwa wastani asilimia 16.3. Kwa siku 91, punguzo hilo linaishusha bei hadi dola 95.88, na mnunuzi wa bei hiyo alikuwa akipata asilimia 17.24 kwa kipimo cha hatifungani. Aliyesoma tarakimu ya kwanza tu aliacha karibu asilimia moja nzima bila kuiona. Riba zilipokaribia sifuri kati ya 2020 na 2021, pengo nalo lilikaribia kutoweka: punguzo la asilimia 0.05 kwa siku 91 ni sawa na asilimia 0.0507, tofauti isiyomsumbua mtu. Msomaji aliyeanza kufuatilia soko katika miaka hiyo ya riba ndogo angeweza kuamini kwamba viwango viwili ni kitu kimoja, na imani hiyo ingemgharimu riba zilipopanda.

Herufi y katika kanuni ya pili inahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna jambo linalowashangaza hata wazoefu. Kanuni za Hazina zinasema y ni idadi ya siku za mwaka unaofuata tarehe ya kutolewa kwa dhamana. Mwaka huo ukiwa na tarehe 29 Februari ndani yake, y ni 366. Usipokuwa nayo, ni 365. Kinachotazamwa ni mwaka mzima baada ya kutolewa, hata kama dhamana yenyewe itaiva miezi mingi kabla ya Februari hiyo kufika.

Dhamana za wiki 13 hutolewa siku ya Alhamisi. Zichukuliwe Alhamisi mbili zinazofuatana za mwaka 2023, tarehe 23 Februari na tarehe 2 Machi. Ya kwanza inaiva tarehe 25 Mei, ya pili tarehe 1 Juni, na kila moja ina siku 91. Mwaka unaoanzia 23 Februari 2023 unaishia 23 Februari 2024, kabla ya tarehe 29, kwa hiyo y ni 365. Mwaka unaoanzia 2 Machi 2023 unaishia 2 Machi 2024 na umeipita tarehe 29 Februari, kwa hiyo y ni 366. Kama zote mbili zingeuzwa kwa bei ya mfano wetu, dola 98.672917, ya kwanza ingetangazwa kuwa na kiwango linganifu cha asilimia 5.395 na ya pili asilimia 5.409. Mnunuzi wa ya pili asingepata hata senti moja zaidi ya wa kwanza. Ni kalenda tu iliyosogea. Anayechora grafu ya viwango hivi wiki kwa wiki na kuona kimepanda ghafla mwanzoni mwa Machi, wakati riba ya punguzo imetulia, atafute kwanza mwaka mrefu kabla ya kutafuta habari za uchumi.

Kuhesabu siku kwenyewe kuna utaratibu wake. Siku ya malipo haihesabiwi, siku ya kuiva inahesabiwa; au kinyume chake, ilimradi moja tu kati ya hizo mbili ihesabiwe. Kosa la kawaida ni kuzihesabu zote mbili na kupata siku moja ya ziada. Katika dhamana ya mwaka, siku moja haibadilishi mengi. Katika dhamana iliyobakiza mwezi mmoja, inaipotosha faida kwa sehemu moja ya thelathini. Aidha, wiki 13 si lazima ziwe siku 91. Siku ya kutolewa au ya kuiva ikiangukia sikukuu, tarehe husogezwa, na dhamana inaweza kuwa na siku 90 au 92. Kwa hiyo mwenye kukokotoa hutumia tarehe mbili zilizoandikwa kwenye tangazo, si jina la dhamana.

Hesabu ya siku hubadilika pia dhamana inapouzwa tena kabla ya kuiva, katika soko la upili. Hapo d ni siku zilizobaki kutoka siku mnunuzi mpya anapolipa, ambayo Marekani kwa kawaida ni siku ya kazi inayofuata makubaliano. Tuseme malipo ni tarehe 14 Mei na dhamana inaiva tarehe 20 Juni. Mei ina siku 31, zimebaki 17. Juni inaongeza 20. Jumla ni 37. Muuzaji akitaja asilimia 5.20, punguzo la siku 37 ni asilimia 0.534444 na bei ni dola 99.465556. Faida ya 0.534444 ikigawanywa kwa bei hiyo, ikazidishwa kwa 365 na kugawanywa kwa 37, kiwango linganifu ni asilimia 5.301. Ingawa riba ya punguzo haiko mbali na ile ya mfano wa kwanza, pengo limepungua, kwa kuwa bei imeshakaribia 100 na hatua ya pili imepungua nguvu. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni zile siku tano za kalenda.

Jedwali la bei za soko hilo lina jambo jingine linalompoteza mgeni. Safu ya "Bid" ni anachotaja wakala anapotaka kununua, na safu ya "Asked" ni anachotaja anapotaka kuuza. Katika soko la kitu chochote, wakala hununua kwa bei ndogo na kuuza kwa kubwa, na mgeni hutarajia tarakimu ya "Asked" iwe kubwa. Katika jedwali la dhamana hizi huwa ndogo. Ni kwa sababu kilichoandikwa si bei bali ni punguzo: punguzo kubwa ni bei ndogo. Wakala anayenunua kwa 5.21 na kuuza kwa 5.20 ananunua rahisi na kuuza ghali, kama wakala yeyote. Safu ya mwisho, mara nyingi "Asked Yield", huwa tayari imegeuzwa kuwa kiwango linganifu, na haipaswi kuingizwa katika kanuni ya 360. Anayeiingiza hupata bei ya chini kuliko ile anayodaiwa kwa wakala, na tofauti hiyo ndiyo ishara ya kwamba amechukua safu isiyo yake.

Hasara ya kweli huja pale viwango viwili vya aina tofauti vinapowekwa upande kwa upande. Mtu mwenye fedha za kuweka kwa miezi mitatu anaona dhamana ya wiki 13 kwa asilimia 5.25. Anaona pia hatifungani ya Hazina iliyobakiza miezi mitatu kuiva, ikitajwa kwa faida ya asilimia 5.35. Akichagua tarakimu kubwa, atachukua hatifungani. Lakini 5.35 ya hatifungani imepimwa dhidi ya bei iliyolipwa na kwa kalenda ya kweli, ile inayoitwa siku halisi juu ya siku halisi, ilhali 5.25 haikupimwa hivyo. Zikiwekwa kwenye kipimo kimoja, dhamana ni 5.395 na ndiyo yenye faida kubwa zaidi.

Kulinganisha na amana ya benki ya dola kunahitaji uangalifu wa aina nyingine. Amana nyingi za muda maalumu katika soko la fedha la Marekani hupima riba dhidi ya fedha iliyowekwa kweli, lakini hutumia mwaka wa siku 360. Yaani zimerekebisha jambo la kwanza na kuliacha la pili. Dhamana yetu kwa kipimo hicho cha kati ni 5.25 iliyogawanywa kwa 0.98673, ambayo ni asilimia 5.321. Amana inayotangazwa kwa 5.35 kwa mwaka wa siku 360 ingeishinda dhamana hii, na amana inayotangazwa kwa 5.35 kwa mwaka wa siku 365 ingeshindwa nayo. Mteja asiyeuliza mwaka wa benki una siku ngapi hana njia ya kujua ipi ni ipi.

Dhamana ya wiki 52 inaleta ugumu mpya. Hatifungani inayolinganishwa nayo hulipa riba kila miezi sita, na mwenye hatifungani anaweza kuichukua riba ya nusu ya kwanza na kuizalisha katika nusu ya pili. Mwenye dhamana hapati kitu hadi mwisho. Kuipa dhamana kiwango cha hesabu nyepesi cha mwaka mzima na kukiweka sambamba na kiwango cha hatifungani kungeipendelea dhamana. Kwa hiyo, kwa dhamana inayozidi nusu mwaka, Hazina hutafuta kiwango i ambacho kingeifikisha bei hadi 100 kama riba ya nusu mwaka ingelipwa katikati na kuendelea kuzaa:

```
P × [1 + (d − y/2) × i / y] × (1 + i/2) = 100
```

Mlinganyo huu una i mara mbili ndani yake, na jibu hupatikana kwa kanuni ya mlinganyo wa kipeo cha pili inayofundishwa sekondari. Kwa dhamana ya siku 364 iliyouzwa kwa punguzo la asilimia 5, bei ni dola 94.944444. Hesabu nyepesi ya awali ingetoa asilimia 5.339. Mlinganyo unatoa asilimia 5.270. Jibu linaweza kuhakikiwa kwa njia fupi: nusu ya 5.270 ni 2.635, na fedha inayokua kwa asilimia 2.635 mara mbili mfululizo hukua kwa jumla ya asilimia 5.339. Kumbe viwango viwili vinaeleza ukuaji uleule, kimoja kwa hatua moja na kingine kwa hatua mbili. Dhamana ya wiki 26, yenye siku 182, haivuki nusu mwaka na hubaki kwenye kanuni nyepesi.

Kiwango linganifu nacho kina mpaka wake. Kwa dhamana ya siku 91, asilimia 5.395 ni hesabu ya kuzidisha tu. Haisemi kwamba fedha itakaa mwaka mzima kwa kiwango hicho, kwa kuwa baada ya siku 91 mwenye dhamana atalazimika kununua nyingine kwa bei ya siku hiyo. Na kama angebahatika kurudia bei ileile mwaka mzima, faida ikizaa faida, angemaliza na karibu asilimia 5.505. Kanuni ya Hazina haifanyi marekebisho hayo kwa dhamana fupi, kwa hiyo usawa wake na hatifungani ni wa karibu tu. Ila makosa yanayobaki ni madogo kuliko yale ya kutumia riba ya punguzo ikiwa mbichi.

Desturi hii ya punguzo na siku 360 si ya dunia nzima. Uingereza yenyewe, ambako mfano ulichukuliwa, sasa huuza dhamana zake kwa kiwango cha faida, dhidi ya bei iliyolipwa na kwa mwaka wa siku 365. Benki Kuu ya Kenya nayo hufuata njia hiyo kwa dhamana zake za siku 91, 182 na 364:

```
P = 100 / (1 + r × d / 365)
```

Kwa mfano, kiwango cha asilimia 8 kwa siku 91 hutoa bei ya shilingi 98.0445 kwa kila 100. Bei hiyohiyo ikitamkwa kwa desturi ya Marekani ingekuwa riba ya punguzo ya asilimia 7.736. Kwa hiyo msomaji wa Nairobi anayeweka kiwango cha mnada wa nyumbani kando ya "High Rate" ya Marekani analinganisha vipimo viwili tofauti hata kabla hajafikia suala la thamani ya sarafu. Cha kulinganisha ni "Investment Rate". Tanzania, yenye dhamana za siku 35, 91, 182 na 364, mshiriki wa mnada huandika moja kwa moja bei anayotaka kulipa kwa kila shilingi 100, na kiwango cha faida hukokotolewa kutokana na bei hiyo. Utaratibu huo unamweka mnunuzi mbele ya kitu chenye uhakika zaidi katika hesabu nzima, yaani fedha itakayotoka na fedha itakayorudi.

Hata hivyo, kwa dhamana ya siku 364 suala la nusu mwaka linabaki Kenya kama lilivyo Marekani, na kanuni nyepesi ya hapo juu hailitatui. Hatifungani za serikali ya Kenya hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Dhamana ya siku 364 inayotajwa kwa asilimia 8 inalingana na hatifungani ya takriban asilimia 7.85, kwa sababu asilimia 3.923 ikizaa mara mbili hufikia 8. Mwekezaji anayepima kati ya dhamana hiyo na hatifungani iliyobakiza mwaka mmoja kwa asilimia 7.9 anapaswa kufanya ugeuzaji huo kwanza. Tarakimu zikiwa kwenye kipimo kimoja, hatifungani ndiyo inayotoa zaidi, mradi kodi za pande zote mbili ziwe sawa.